Kwacha za zamani mkononi, nawe uko Lubumbashi: kambisti, duka la ng'ambo au benki?

Mwezi wa 10 mwaka 2025 mama yangu mdogo, anayeuza bunga na mafuta kwenye soko la komini ya Kenya hapa Lubumbashi, alinifungulia kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na kwacha 14,600, zote za sura ya zamani. Alikuwa amezirundika kidogo kidogo kutokana na safari zake za Kasumbalesa, akingoja bei ya kwacha ipande. Kambisti wake wa kila siku alikuwa amemwambia asubuhi ile kwamba hizo bado zinapita, lakini kwa kila 100 yeye atampa 93 za sura mpya. Mama mdogo alitaka kujua kama akubali.

Swali hilo niliendelea kuulizwa na watu wengine, nami nikagundua kwamba wengi wanaanza na nani wa kumpelekea noti kabla ya kujua noti yao iko katika hali gani. Kwa hiyo nitaanza na hali ya noti, halafu nilinganishe njia tatu ambazo mtu wa Lubumbashi anazo kweli.

Nani anaikataa noti yako?

Noti inaweza kukataliwa na aliyeitoa, au na soko tu. Hayo ni mambo mawili yaliyo mbali sana, ingawa mbele ya meza ya kambisti yanafanana.

Kwacha iko upande wa kwanza. Benki Kuu ya Zambia ilitoa noti mpya tarehe 31 Machi 2025 na kuzipa zile za zamani mwaka mmoja wa kutembea pamoja nazo, hadi 31 Machi 2026. Kubadilisha huku hakufuti sifuri yoyote: 100 ya zamani ni 100 mpya. Kwa hiyo makato yoyote unayokatwa ndani ya mwaka huo hayatoki kwenye sheria. Ni malipo ya mtu anayebeba usumbufu badala yako, na malipo hayo mnaweza kuyajadili.

Dola iko upande wa pili. Hapa kwetu noti ya dola 100 yenye kichwa kidogo, ya kabla ya mwaka 1996, inarudishwa kana kwamba imekufa. Ile yenye mpasuko wa nusu kucha nayo hairuki salama. Lakini Marekani haijawahi kuzifuta noti zake: zote zilizotolewa na serikali yake tangu 1861 bado zina thamani iliyoandikwa juu yake. Hata iliyoharibika sana, ikiwa imebaki zaidi ya nusu na inatambulika, ofisi yao ya kuchapa noti huko Washington huipokea na kuilipa. Kwa hiyo mwenye dola za kichwa kidogo hana tarehe inayomkimbiza. Akiziuza leo kwa makato ya robo kwa sababu mwenzake ameuza kwacha kwa haraka, amejikata mwenyewe. Aziweke, aulize kwenye benki aliyo na akaunti kama wanazipokea na kwa masharti gani, au azikabidhi kwa ndugu anayesafiri kwenda Marekani kwenyewe. Kwacha inaharakishwa na kalenda. Dola inaweza kungoja.

Nirudi kwenye kwacha, kwa kuwa huko ndiko kuna uchaguzi wa kufanya.

Njia ya kwanza: kambisti

Faida ya kambisti ni kwamba yuko hapo. Hakuulizi karatasi, hakupangi foleni, na unaondoka na feza mkononi, iwe kwacha mpya, falanga au dola. Hasara yake ni yale makato, na makato hayakai mahali pamoja. Mwanzoni mwa kipindi, noti mbili zikitembea pamoja, yanaweza kuwa madogo sana. Kadiri tarehe ya mwisho inavyokaribia, kambisti naye anaogopa kubaki na mzigo usiopita, basi anapandisha. Wiki za mwisho anaweza kukataa kabisa, au akakutajia bei ya kukufukuza. Mtu asidhani kwamba bei ya mwezi wa 10 atapewa pia mwezi wa 3.

Kuna jambo moja la kuchunguza kwa macho yako ukipokea kwacha mpya kutoka mkononi mwa mtu. Mfululizo wa 2025 umeleta noti za kwacha 200 na 500, ambazo hazikuwepo kwenye mfululizo ulioanza 2013. Lakini 500 nyingine iliwahi kuwepo: ile ya plastiki iliyoanza kutolewa mwaka 2003. Hiyo ni ya kabla ya Januari 2013, wakati Zambia ilipofuta sifuri tatu na kufanya kwacha 1,000 ziwe kwacha 1. Kwa hesabu ile, 500 ya plastiki ilikuwa sawa na nusu kwacha. Sura zake na za sasa hazifanani, ila mtu ambaye hajawahi kuishika 500 mpya hana cha kulinganisha nacho, na jioni sokoni taa ni hafifu. Kama hujaiona bado, omba ulipwe kwa noti za 100 na 50, kisha uangalie mwaka ulioandikwa kwenye kila moja. Kambisti mwaminifu hatakasirika. Wa mama mdogo alizipanga yeye mwenyewe chini ya simu yenye taa, moja moja.

Njia ya pili: kuzila dukani, upande wa Zambia

Ndani ya kipindi cha kutembea pamoja, noti ya zamani ni fedha halali kwa muuzaji wa Zambia kama ilivyokuwa jana. Ukinunua nayo, hukatwi kitu. Kwa mfanyabiashara anayekwenda ng'ambo kila mwezi, hakuna njia inayoishinda hii, kwa sababu nauli alikuwa aitoe hata hivyo.

Mipaka yake ni miwili. Wa kwanza ni kwamba lazima uwe unahitaji mali. Nimeona mtu aliyejaza nyumba sabuni ambayo hakuwa na wateja wake, ili tu noti zisimfie; miezi mitatu baadaye alikuwa anaiuza chini ya bei aliyonunulia, na hasara yake ilipita ile ambayo kambisti angemkata. Halafu bunga, ambao ndio wengi wetu tunaufuata, mavuno yakiwa mabaya Zambia huwa inauzuia usitoke nchini. Unaweza kufika na noti nzuri ukakosa cha kununua.

Mpaka wa pili ni tarehe ya duka, ambayo huja kabla ya tarehe ya serikali. Mwenye duka la jumla anapaswa kuzipeleka noti zako benki kabla ya siku ya mwisho, na hataki kuwa yeye wa mwisho kwenye foleni. Kwa hiyo tegemea kwamba wiki mbili tatu kabla ya mwisho baadhi watakataa, hata kama sheria iko upande wako. Kugombana naye hakutakusaidia. Mpigie simu kabla hujapanda gari. Na ukilipa kwa noti za zamani, chenji idai ya sura mpya. Vinginevyo unarudi na mzigo uleule, mdogo zaidi.

Njia ya tatu: benki ya ng'ambo

Benki inakupa 100 kwa 100. Hapo ndipo pia mahali ambapo noti bandia inajulikana mara moja, kwa hiyo unachotoka nacho hakina shaka. Lakini unalipa kwa njia nyingine: safari, muda na karatasi.

Kutoka Lubumbashi hadi Kasumbalesa ni kama kilomita 90, halafu unavuka na kuendelea hadi Chililabombwe, mji wa Zambia wenye benki ulio karibu na mpaka. Ukifika alasiri unaweza kukuta umeshachelewa kwa siku hiyo. Uwe na kitambulisho na karatasi ya kuvukia. Uwe tayari kueleza feza zimetoka wapi, kwa maana mgeni asiye na akaunti anayemwaga rundo la noti mezani ataulizwa, na kadiri rundo linavyokua ndivyo maswali yanavyokua. Risiti za mali uliyowahi kununua au kuuza zinafaa sana hapa. Forodhani usifiche kiasi unachobeba. Noti zilizofichwa na zikapatikana ni tatizo kubwa kuliko makato yoyote ya kambisti.

Wengine wanaepuka dirisha la benki kwa kumpa msambazaji wao wa Zambia aziweke kwenye akaunti yake, kisha awahesabie kama malipo ya mali ijayo. Ni njia nzuri kama mmefanya kazi pamoja miaka mingi na akikuandikia kwa mkono kiasi alichopokea na tarehe. Kwa mtu uliyemfahamu mwezi uliopita, hapana.

Hesabu ya mama mdogo

Tulikaa na karatasi. Kambisti anakata 7 kwa kila 100. Kwa 14,600 hiyo ni kwacha 1,022, na mama mdogo angebaki na 13,578.

Upande wa benki, tuliweka kila kitu kwa kwacha ili tusichanganyikiwe. Nauli za kwenda na kurudi, chakula na malipo ya mpakani tulikadiria 450. Kulala usiku mmoja 250. Meza yake sokoni ingefungwa siku mbili, na siku ya kawaida inamwachia faida ya kama 250, kwa hiyo 500 nyingine. Jumla 1,200.

Hapo alishangaa, nami pia. Safari ya kwenda benki kwa ajili ya noti peke yake ingemgharimu 178 zaidi ya kambisti. Watu husema benki ni bure, lakini kwa mtu wa Lubumbashi si bure. Ukitaka kujua kiasi ambacho benki inaanza kulipa, gawanya gharama yako yote ya safari kwa makato. Kwake ilikuwa 1,200 kugawanya kwa 0.07, yaani karibu kwacha 17,140. Chini ya hapo, kambisti. Juu ya hapo, panda gari. Makato yakifika 15 kwa 100, mstari unashuka hadi 8,000, na hapo yule mwenye 14,600 angekatwa 2,190 na kambisti. Safari ingemwokolea 990. Kwa hiyo jibu sahihi la mwezi wa 10 linaweza kuwa kosa mwezi wa 2, ingawa kopo ni lilelile.

Anayeishi Kasumbalesa kwenyewe hana nauli ya kutaja wala meza ya kufunga siku mbili. Kwake benki inashinda hata kwa elfu mbili tatu.

Mama mdogo aliitazama karatasi akanijibu hivi: «Miye siende Zambia juu ya makuta, niende juu ya bunga.» Alikuwa na safari ya mali baada ya siku tisa. Gharama zile 1,200 zilikuwa tayari zimo katika bei yake ya bunga, hazikupaswa kuhesabiwa juu ya noti. Tukafuta ule mstari, na mbele ya kambisti hakubaki na sababu ya kukubali.

Alivuka, akalipa 9,000 dukani kwa bunga na mafuta, zote zikapokelewa bila neno. Zilizobaki 5,600 alizipeleka benki. Aliulizwa kazi yake, akaonyesha risiti ya duka ya saa ileile, wakahesabu. Noti mbili za 50 zilirudishwa. Hazikurudishwa kwa sababu ya uzamani. Moja ilikuwa imebandikwa kwa selotepu katikati na namba za pande mbili hazikulingana, maana yake ilitengenezwa kutoka noti mbili tofauti. Nyingine ilikosa kona kubwa. Noti iliyochakaa na noti inayoondolewa zinafuata taratibu mbili, na ukizichanganya katika rundo moja, ile mbovu inachelewesha nzuri. Zitenge nyumbani kabla hujaondoka. Safari nzima alipoteza kwacha 100 badala ya 1,022.

Tarehe ya mwisho ina maana gani?

Inategemea nani ameiweka, na hapa ndipo watu wengi wanaumia, kwa sababu kuna tarehe mbili. Moja ni siku noti inapoacha kuwa fedha halali dukani. Nyingine ni siku benki inapoacha kuibadilisha. Mara nyingine zinaangukia siku moja, mara nyingine zimeachana miaka.

Zambia ya 2013 zilikuwa mbili: noti zenye sifuri nyingi ziliacha kupita dukani baada ya 30 Juni 2013, lakini benki ziliendelea kuzibadilisha kwa muda baada ya hapo. Kenya, nchi si komini yetu, ilifanya kinyume mwaka 2019. Ilitangaza tarehe 1 Juni kwamba noti za zamani za shilingi 1,000 zinaondolewa, na tarehe 1 Oktoba zilikuwa karatasi tupu, hata benki. Shilingi bilioni 7.4 hivi hazikurudishwa. Tena Uganda na Tanzania zilisimamisha mapema kubadilisha shilingi za Kenya, kwa hiyo aliyekuwa nazo nje ya nchi milango ilimfungia kabla ya aliye Nairobi. Huo ndio msimamo wetu sisi pia: aliye nje ya nchi ya noti ahesabu kwamba muda wake ni mfupi kuliko ule uliotangazwa.

Wafanyabiashara wetu wanaofuata mali Dar es Salaam walipewa siku 90, kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, kwa noti za Tanzania za miaka ya 1985 hadi 2003 na ile ya 500 ya 2010. Ndugu wa Uvira walio na falanga za Burundi walipata siku 10 tu mwezi wa 6 mwaka 2023, kwa noti za 5,000 na 10,000. Katika siku 10 hakuna nafasi ya kulinganisha chochote. Unauza kwa kambisti wa kwanza anayekubali, au unakimbia siku ya kwanza. Kwa hiyo ukisikia tangazo, kitu cha kutafuta ni hizo tarehe mbili na ni noti zipi hasa zinazotajwa, kutoka kwa benki kuu ya nchi ile, kabla ya kuuliza bei ya mtu yeyote.

Kopo la babu

Wengi wananionyesha pia noti za kale zilizotunzwa na wazee, na hizi nazo zinatofautiana sana.

Zaire hazilipwi popote. Mwaka 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya milioni 3 za zamani, na tarehe 30 Juni 1998 falanga ya Kongo ikachukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Hata zingekuwa na njia ya kubadilishwa, gunia zima la zile za kabla ya 1993 lisingefikia senti. Noti za Katanga za wakati wa Moise Tshombe vilevile hazina benki ya kuzipokea, lakini wakusanyaji huzinunua. Zikiwa safi, usizikunje na usizibandike selotepu, kwa maana bei yao yote iko katika usafi.

Falanga za Ubelgiji ndizo zinazosahaulika. Wazee waliowahi kulipwa au kutumiwa feza kutoka Ulaya bado wanazo. Ufaransa ilifunga mlango wa falanga zake tarehe 17 Februari 2012, na Wabelgiji wangeweza kufanya hivyo, lakini kwa noti hawakufanya. Benki ya Taifa ya Ubelgiji huko Brussels bado inazibadilisha kuwa euro bila tarehe ya mwisho, kwa falanga 40.3399 kwa euro moja, hivyo noti ya 1,000 ni kama euro 24.79. Sarafu zake ndizo zilizofungwa, tangu mwisho wa 2004.

Ila soma jina la benki kabla hujampa mtu azisafirishe. Ikiwa imeandikwa Banque Nationale de Belgique, ni ya Ubelgiji, na ikiwa ilitolewa baada ya 1944 inalipwa. Ikiwa imeandikwa Banque Centrale du Congo Belge et du Ruanda-Urundi, hiyo ni ya koloni. Ina Kifaransa na Kiflamanki juu yake kama dada yake, lakini dirisha la Brussels halitailipa, na mahali pake ni kwa mkusanyaji, pamoja na zile za Tshombe.